Kuingiza kadi ya mteja anayeagiza kwa simu: je, jibu la "Approved" linatosha kutoa mzigo?

Hadiwea_Kisumu

Salamu kwenu nyote. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, na wateja wetu wengi wanaoagiza kwa simu hulipa kwa M-Pesa, jambo ambalo halina utata. Siku hizi, hata hivyo, watu wetu walio ughaibuni hutupigia ili kuwajengea wazazi nyumba huko Siaya, Vihiga na Homa Bay, na wengi wao huomba kulipa kwa kadi. Kampuni inayotushughulikia malipo ilitufungulia ukurasa ambao kwenye menyu umeandikwa `Virtual Terminal`. Ninaingia kwa jina na nywila yangu, ninaandika nambari ya kadi, mwezi na mwaka wa kuisha, tarakimu tatu za nyuma, jina la mwenye kadi na kiasi, kisha ninabonyeza kitufe. Hakuna mashine ya kadi wala kadi yenyewe. Kuna mimi, kompyuta na sauti ya mteja kwenye simu.

Leo alasiri nimepigiwa na mtu aliyesema yuko Birmingham, Uingereza. Ameagiza mifuko 100 ya saruji kwa shilingi 780 kila mmoja na mabati 60 kwa shilingi 1,450, jumla shilingi 165,000. Kadi ya kwanza aliyonisomea ilikataliwa. Akanisomea ya pili, yenye jina tofauti, akasema ni ya mkewe. Aliniomba pia niongeze shilingi 40,000 juu ya bei ili nizitume kwa M-Pesa kwa mwenye lori atakayebeba mzigo, kwa sababu mwenye lori hapokei kadi. Kwa hiyo niliingiza shilingi 205,000, na ukurasa ukanijibu hivi:

```
Status:      Approved
Response:    00
CVV Result:  M
AVS Result:  U
Entry Mode:  MOTO / Keyed
```

Lori linatarajiwa kesho saa mbili asubuhi. Zile 40,000 bado sijazituma, ingawa mwenye lori amekwisha kunipigia mara mbili akiziulizia. Ninachotaka kujua ni kama jibu hilo lina maana kwamba fedha ni zetu na ninaweza kutoa mzigo bila wasiwasi.

Wakala_Bungoma

Ndugu yangu, hapo umejitafutia kazi ya ziada. Mimi ni wakala wa benki hapa Bungoma, na kwenye mashine yetu mteja huingiza kadi mwenyewe, akabonyeza nambari yake ya siri, risiti ikatoka mbili. Mwambie huyo bwana amtume ndugu yake aje dukani na kadi, uitumbukize kwenye mashine, na hapo hutakuwa na swali lolote.

Hadiwea_Kisumu

Asante, wakala, lakini kadi iko Uingereza pamoja na mwenyewe, au ndivyo anavyosema. Sina mashine katika jambo hili. Ukurasa huu umetengenezwa kwa ajili ya mteja ambaye hawezi kufika.

Mzee_wa_Naivasha

Hadiwea, usijisumbue. Sisi tuna kambi ya mahema huku Naivasha, na kwa miaka mingi tumepokea amana za wageni kwa njia hiyo hiyo. Jibu `00` lina maana kwamba benki ya mteja imekubali kutoa fedha. Herufi `M` kwenye `CVV Result` ina maana kwamba zile tarakimu tatu za nyuma zimelingana na zilizo benki, na mtu anayezijua tarakimu hizo ana kadi mkononi. Benki ikikubali, imekubali. Pakia mzigo.

BiHesabu_Nakuru

Hadiwea, kabla sijaeleza lolote: tafadhali usitume zile 40,000, na usipakie mzigo kesho. Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu Mzee wa Naivasha amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayofilisi maduka. Nilifanya kazi kwa muda mrefu katika idara ya kadi ya benki moja, na sasa ninasimamia hesabu za biashara kadhaa hapa Nakuru, kwa hiyo mambo haya nimeyaona kutoka pande zote mbili.

Ulipobonyeza kitufe, maelezo ya kadi yalitoka kwenye ukurasa wako yakiwa yamefumbwa, yakaenda kwa kampuni yako ya malipo, yakapita kwa benki inayokupokelea fedha, yakaingia katika mtandao wa Visa au Mastercard, na mwishowe yakafika kwa benki iliyotoa kadi. Pamoja na nambari ya kadi, ujumbe huo ulibeba alama inayosema kwamba malipo haya ni ya agizo la simu na kwamba nambari imechapwa kwa mkono. Ndiyo maana umeona neno `MOTO`. Benki ya mwenye kadi ilijua, kabla ya kukujibu, kwamba hakuna kadi iliyosomwa wala nambari ya siri iliyobonyezwa, na kwamba mwenye kadi hakutumiwa ujumbe wowote wa kuthibitisha.

Benki hiyo ilijiuliza mambo machache tu: kama kadi ipo na haijafungwa, kama haijaisha muda, kama fedha zipo, kama zile tarakimu tatu zinalingana, na kama malipo haya hayafanani mno na wizi. Ilipojibu `00`, ilijibu maswali hayo. Haikusema kwamba aliyekupigia ni mwenye kadi, kwa sababu haikuwa na njia ya kumjua aliyekupigia. Tarakimu tatu za nyuma zinaweza kuwa mikononi mwa mhudumu wa hoteli aliyeipiga picha kadi, au mwa mtu aliyeziiba kwenye tovuti ya uongo ambako mwenye kadi alizichapa mwenyewe. `M` inathibitisha tarakimu, haimthibitishi mtu.

Mwenye kadi halisi atakapoona shilingi 205,000 kwenye taarifa yake ya benki asizozijua, atalalamika. Kwa kawaida ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Kwa malipo ya simu yaliyochapwa kwa mkono, hasara ya wizi humwangukia mfanyabiashara, si benki iliyotoa kadi. Kwa Visa utaona madai hayo yameandikwa `10.4`, na kwa Mastercard `4837`. Fedha zitaondolewa kwenye akaunti yako, ada ya madai itaongezwa juu yake, na saruji itakuwa imekwisha kujenga nyumba ya mtu mwingine.

Sasa tazama agizo lako. Kadi ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikaja upesi yenye jina jingine. Bidhaa ni saruji na mabati, ambazo mtu anaweza kuziuza siku hiyo hiyo kandokando ya barabara yoyote. Lori si lako, kwa hiyo hujui mzigo unashushwa wapi. Na juu ya yote, umeombwa kutoza zaidi ya bei ili utume tofauti kwa M-Pesa. Hilo la mwisho, peke yake, lingenitosha kukataa. Fedha za kadi zinaweza kurudishwa na benki baada ya miezi mitatu; fedha za M-Pesa ulizotuma kwa mtu zikitolewa kwa wakala, zimekwenda. Anayekuomba ubadilishe za kwanza kuwa za pili anakuomba ubebe hasara mahali pake. Mkopeshaji hakopeshi mtu asiyemjua kwa sababu tu amejaza fomu vizuri.

Hadiwea_Kisumu

Nimekuelewa, dada, na ninashukuru. Nina maswali mawili. La kwanza, ile `AVS Result: U` ina maana gani, kwa sababu niliichukua kama jambo lisilo na uzito. La pili, nikiamua kusitisha, je, ninamrudishia vipi, na je, nitakatwa ada?

Fundi_Milimani

Nitajibu la pili, kwa sababu mimi huunganisha kurasa hizi kwa wafanyabiashara hapa Kisumu na swali hilo lina saa yake. Kuna tofauti kubwa kati ya kufuta malipo na kurudisha malipo. Malipo uliyoyafanya leo alasiri yameidhinishwa, lakini bado hayajafungwa katika hesabu za siku. Kwa kampuni nyingi ufungaji hufanyika usiku. Kabla ya kufungwa, ukiyafungua malipo hayo utaona kitufe cha `Void`. Ukibonyeza hapo, malipo yanafutwa kana kwamba hayakuwapo, na fedha zilizozuiliwa kwenye kadi zinaachiliwa, ingawa benki ya mteja inaweza kuchukua siku kadhaa kuzionyesha tena. Baada ya kufungwa, kitufe hicho hutoweka na unabaki na `Refund`, ambayo ni muamala mpya wa kurudisha fedha. Huo huchukua siku kadhaa, na mikataba mingi haikurudishii ada uliyokatwa mwanzoni. Soma mkataba wako, lakini ukitaka kufuta, futa leo usiku, usingoje asubuhi.

Na tafadhali, ikiwa utarudisha, rudisha kwenye kadi ile ile kupitia malipo yale yale. Akikuambia umrudishie kwa akaunti nyingine au kwa simu, usikubali, hata kama sauti yake ni ya upole.

Kwa siku zijazo, angalia kama ukurasa wako una chaguo la `Authorize` kando ya `Sale`. Ukichagua `Sale`, unaidhinisha na kuchukua fedha kwa pamoja. Ukichagua `Authorize`, benki inazuia fedha kwa siku chache bila kukupa, nawe unazichukua kwa `Capture` unapokuwa tayari kupeleka mzigo. Kwa duka linalouza vitu ambavyo huenda havipo stoo, hilo ni bora zaidi, kwa sababu linakupa muda wa kuhakiki kabla fedha hazijahama. Usizicheleweshe tu, maana kizuizi huisha muda na utalazimika kuomba kadi upya.

BiHesabu_Nakuru

Fundi amesema sawasawa. Kuhusu `AVS`, huo ni ulinganishaji wa anwani. Unaandika nambari ya nyumba na msimbo wa posta wa mwenye kadi, na benki iliyotoa kadi inasema kama vinafanana na ilivyo navyo. Utaratibu huo ulijengwa kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza, ambako anwani zina nambari za nyumba. Kwa kadi za hapa Kenya, ambako anwani yetu ni sanduku la posta, usitarajie msaada wowote kutoka kwake. `U` ina maana kwamba ulinganishaji haukufanyika: huenda hukuandika anwani, au benki yako haikuituma, au benki ya mteja haikujibu. Si kibali na si kukataliwa. Lakini kwa mtu anayesema yuko Birmingham na ana kadi ya Uingereza, mimi ningemwuliza anwani inayofika taarifa zake za benki, kisha nione jibu. `Y` ingenipa utulivu kidogo. `N` ingenifanya niweke simu chini.

Kuna kitu kingine unachoweza kukitazama. Tarakimu za mwanzo za kadi, sita au nane, hutambulisha benki iliyoitoa na nchi yake, na kurasa nyingi huonyesha nchi hiyo kwenye maelezo ya malipo. Angalia ya zile kadi mbili. Kadi ya mkewe ikiwa ya nchi ambayo hakuitaja kabisa, hilo nalo lina uzito.

Keki_Kakamega

Habari zenu. Mimi ninaoka keki Kakamega, na maagizo yangu ni madogo: mtoto aliye Minnesota anamtumia mama yake keki ya siku ya kuzaliwa, shilingi 3,500 au 4,000, mara nyingine na maua. Sijawahi kupata madai ya kurejesha fedha hata mara moja. Lakini nimeusoma uzi huu nikaanza kuogopa kwa sababu nyingine. Wateja wangu hunitumia picha ya kadi kwa WhatsApp, mbele na nyuma, nami huandika nambari pamoja na zile tarakimu tatu kwenye daftari la maagizo, ili wakiagiza tena mwaka unaofuata nisiwasumbue. Je, hilo lina ubaya?

BiHesabu_Nakuru

Mama Keki, lina ubaya, na ninakushukuru kwa kuuliza mbele ya watu, kwa sababu wengi wanafanya hivyo.

Kanuni za usalama wa kadi, zinazoitwa PCI DSS, zinawahusu wote wanaopokea kadi, hata muuza keki mmoja. Kwa mfanyabiashara wa kawaida, zile tarakimu tatu haziruhusiwi kuwekwa baada ya malipo kuidhinishwa, kwa namna yoyote: si kwenye daftari, si kwenye kompyuta hata zikiwa zimefumbwa, si ndani ya sauti ya simu iliyorekodiwa. Sababu yake iko wazi. Kitu pekee kinachomzuia mwizi aliyepata nambari ya kadi mahali pengine ni kutozijua tarakimu hizo, na daftari lako lina vyote viwili kwenye mstari mmoja. Likipotea, umewapoteza wateja wako wote pamoja na jina lako. Kurasa hizo za daftari zichane vipande vidogo visivyoweza kuunganishwa, au zichome. Picha zifute kwenye mazungumzo na pia kwenye ghala la picha la simu, kwa sababu WhatsApp huziweka huko, na mara nyingi nakala hupanda hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kujua. Kumbuka pia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo haibagui biashara ndogo na kubwa katika wajibu wa kulinda taarifa za mteja.

Kwa wateja wanaorudi, ulizia kampuni yako kama inaweza kuiweka kadi upande wake na kukuachia ishara tu, yaani msururu wa herufi unaokuwezesha kutoza tena bila kuijua nambari. Hapo wewe unaona tarakimu nne za mwisho peke yake, na mteja awe amekubali kabla hujamtoza tena.

Nieleze na simu yenyewe inavyopaswa kwenda, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Fungua ukurasa kabla hujamwomba kadi, ili unachokisikia kikaingie moja kwa moja kwenye nafasi yake, si kwenye karatasi ya pembeni. Anza na agizo na kiasi, umsomee kiasi kwa sauti na akubali, kwa sababu sifuri moja ya ziada inageuza 17,400 kuwa 174,000. Kisha mwache akusomee nambari kwa mafungu ya tarakimu nne. Usimrudishie nambari kwa sauti dukani, ambako fundi wa mabomba na wapagazi watatu wamesimama wakingoja; ukiwa na shaka, mwombe yeye aisome tena. Ukikosea tarakimu moja, ukurasa wenyewe utaikataa kabla haijaenda benki, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ya kadi imekokotolewa kutokana na zile nyingine. Mwisho mwambie jina litakalotokea kwenye taarifa yake ya benki. Kama duka linaitwa hivi lakini kampuni iliyosajiliwa inaitwa vile, ataona jina geni na kulalamika kwa nia njema kabisa, na utakuwa umepata madai kutoka kwa mteja mwaminifu.

Fundi_Milimani

Niongeze jambo moja kuhusu kompyuta. Fomu ya kujitathmini iliyoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa namna hii inaitwa `SAQ C-VT`. Inamhusu anayechapa malipo moja baada ya jingine kwa kibodi, kwenye ukurasa wa kampuni iliyothibitishwa, bila kuhifadhi data ya kadi kwenye mfumo wowote, na kwa kompyuta iliyotengwa na nyingine. Hii ina maana kwamba ile kompyuta ambayo vijana huitumia kupakua filamu jioni haifai, kwa sababu programu ndogo ya kunasa unachochapa ikiingia humo, inachukua kila kadi inapochapwa, na ufumbaji wa ukurasa hausaidii kitu. Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia. Nimeona maduka ambayo keshia watatu wanatumia nywila moja, na ikitokea malipo ya ajabu saa nne usiku, hakuna anayeweza kusema nani aliyafanya.

Mzee_wa_Naivasha

Nimesoma maelezo ya dada kwa makini, na ninakubali kwamba nililisemea jibu `00` zaidi ya linavyosema. Hata hivyo, sisi tumepata njia ambayo nadhani inamaliza tatizo. Badala ya kutumia ukurasa huu wa simu, keshia wetu hufungua ukurasa wa malipo wa tovuti yetu, ule ambao wageni huutumia wenyewe, na kuchapa kadi humo. Benki ya mgeni humtumia nambari ya siri ya mara moja kwenye simu yake, yeye anatusomea, keshia anaiingiza, na malipo yanapita yakiwa yamethibitishwa. Niliambiwa kwamba malipo yakithibitishwa hivyo, hasara ya wizi inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Kwa nini tusifanye hivyo sote?

BiHesabu_Nakuru

Mzee wangu, ni kweli kwamba uthibitisho wa namna hiyo, ule unaoitwa 3-D Secure, kwa kawaida huhamisha hasara ya wizi kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Lakini uliundwa ili mwenye kadi athibitishe mwenyewe, kwenye kifaa chake, akiona kiasi na jina la anayemtoza. Ujumbe wenyewe kwa kawaida humwambia asimpe mtu yeyote nambari hiyo. Keshia wako anapomwomba aisome, anamfundisha mgeni tabia ile ile ambayo matapeli wanaitegemea, na siku tapeli atakapompigia akijidai kuwa kambi yako, mgeni atasoma bila kusita kwa sababu ninyi mlimzoesha. Zaidi ya hayo, mnaiambia benki kwamba mgeni ndiye aliyechapa, na sivyo. Ikigundulika, ninyi ndio mtakaoulizwa.

Kinachofaa ni rahisi zaidi. Kampuni nyingi za malipo zinakuwezesha kutengeneza kiungo chenye kiasi na nambari ya agizo, ukakituma kwa ujumbe au barua pepe mteja akiwa bado kwenye simu. Anakifungua, anachapa kadi yake mwenyewe, anathibitisha mwenyewe, nawe unaona malipo yakiingia. Hujaisikia nambari, hujaigusa, na hasara ya wizi kwa kawaida si yako tena. Kwa agizo kubwa la bidhaa zinazouzika upesi kutoka kwa mtu usiyemjua, mimi sitaki kusikia habari ya ukurasa wa simu kabisa, ninataka kiungo. Ukurasa wa simu ninauachia mteja ninayemjua, mzee asiyeweza kutumia kiungo, au kiasi ambacho nikikipoteza duka halitayumba, kama keki ya Mama Keki.

Mzee_wa_Naivasha

Kuhusu kumzoesha mgeni kusoma nambari ya siri, umenishinda na nitalizungumza na keshia leo. Lakini kuhusu viungo, si kila mgeni wetu anavikubali. Wapo Wazungu wazee ambao wameonywa wasibonyeze kiungo chochote kinachotumwa na mtu, na ukiwatumia, wanakatisha safari. Nambari ya kadi kwa simu wanaitoa bila shida, kwa sababu wameizoea kwa miaka mingi.

BiHesabu_Nakuru

Hilo ni kweli, na sina jibu linalomtosha kila mtu. Kwenu ninyi angalau mgeni atafika. Anapofika, mtozeni salio kwa mashine, kadi ikiwa mkononi mwake na nambari ya siri akiibonyeza mwenyewe, na amana iwe ndogo. Hadiwea hana bahati hiyo, kwa sababu mteja wake hafiki kamwe.

Hadiwea_Kisumu

Ninaleta taarifa. Jana usiku nilifungua malipo hayo, nikakuta kitufe cha `Void` bado kipo, nikafuta zile 205,000. Nilitazama pia nchi za zile kadi: ya kwanza ilikuwa ya Uingereza, ya pili ya Kanada. Kisha nikampigia yule bwana, nikamweleza kwa heshima kwamba mzigo uko tayari, kwamba nitamtumia kiungo cha shilingi 165,000 bila senti ya lori, na kwamba sisi wenyewe tutapeleka mzigo hadi kwenye kiwanja chake kwa bei ya usafiri tutakayokubaliana. Alisema sawa, atalipa asubuhi. Asubuhi alisema kiungo hakifunguki. Nilimtumia kingine, nacho sikupata jibu, na sasa simu yake inaita bila kupokewa. Lori halikuja. Siwezi kusema kwa hakika kwamba alikuwa mwizi, kwa kuwa huenda nimemuudhi mtu mwenye haraka, na mkewe anaweza kweli kuwa na kadi ya Kanada. Ila nimelala.

Nina swali la mwisho. Nina mteja mwingine, mwalimu mstaafu ninayemfahamu, ambaye mwanawe hulipa kwa simu kutoka Leeds, na mzigo tunaupeleka wenyewe kwa mzee huko Ugunja. Mzee akisaini hati ya kupokea mzigo na nikachukua nakala ya kitambulisho chake, je, hiyo itanilinda mwanawe akilalamika?

BiHesabu_Nakuru

Inategemea analalamika nini. Akisema mzigo haukufika, hati yenye saini, tarehe na mahali ni ushahidi mzuri, na madai ya namna hiyo yanaweza kushindwa. Akisema hakuidhinisha malipo yale kabisa, saini ya baba yake inathibitisha kwamba baba alipokea saruji, haithibitishi kwamba mwana ndiye aliyesoma kadi, na benki nyingi hazitaikubali peke yake. Ongeza barua pepe kutoka kwa mwana mwenyewe, kabla ya malipo, yenye orodha ya mzigo, kiasi, anwani ya baba na maneno kwamba analipa kwa kadi yake inayoishia na tarakimu fulani nne. Nakala ya kitambulisho cha mzee usiichukue; huihitaji, na ukiwa nayo utakuwa na kitu kingine cha kulinda. Nambari ya kitambulisho ikiandikwa kwenye hati inatosha.

Fundi_Milimani

Hapo kwa barua pepe nina shaka kidogo, dada. Nimeona mfanyabiashara akipeleka barua pepe za namna hiyo na bado akashindwa, kwa sababu benki ilisema barua pepe yoyote inaweza kufunguliwa na mtu yeyote.

BiHesabu_Nakuru

Nami nimeona zikikubaliwa, hasa palipokuwa na malipo ya nyuma ya kadi ile ile, kwa mteja yule yule na anwani ile ile, ambayo hayakulalamikiwa. Kwa hiyo, Hadiwea, maagizo ya zamani ya yule kijana wa Leeds yahifadhi vizuri pamoja na nambari zake za idhini na hati za kupokea mzigo, bila nambari kamili ya kadi. Na agizo lake likikua kuliko kawaida yake, mtumie kiungo kama unavyomtumia mgeni.